Pipi kumi, rangi tatu: hesabu iliyo ndani ya pakiti

Swali limepigwa picha kwa simu kutoka kwenye karatasi ya mazoezi, kisha likasambazwa ili watu walijibu. Linasomeka hivi: kiwandani, nusu ya pipi zote ni nyekundu, asilimia 30 ni za njano na asilimia 20 ni za kijani. Zimechanganywa vizuri, na mashine hujaza pipi 10 katika kila pakiti. Je, kuna uwezekano gani wa kupata pakiti yenye pipi 5 nyekundu, 3 za njano na 2 za kijani?

Anza na mpangilio mmoja tu. Tuseme mashine imetoa nyekundu 5 mfululizo, zikafuata njano 3, na mwisho kijani 2. Kila nyekundu ina uwezekano wa 0.5, kila njano 0.3 na kila kijani 0.2. Kwa kuwa pipi moja haiathiri inayofuata, tunazidisha:

0.5⁵ × 0.3³ × 0.2² = 0.00003375

Hiyo ni kama mara 1 katika 30,000. Wengi huishia hapa, na hapo ndipo wanapokosea. Swali halikuuliza pipi zilitoka kwa mfuatano gani. Limeuliza idadi ya kila rangi. Kijani ingeweza kutangulia, au rangi zikapishana, na pakiti ikabaki na pipi zilezile 5, 3 na 2. Kila mfuatano wa aina hiyo una uwezekano uleule, kwa hiyo kilichobaki ni kuhesabu mifuatano hiyo iko mingapi.

Chukua nafasi 10 tupu. Njia za kuchagua nafasi 5 za nyekundu ni 252. Zinabaki nafasi 5, na njia za kuchagua 3 kati yake kwa ajili ya njano ni 10. Nafasi 2 za mwisho ni za kijani, hazina uchaguzi tena. Jumla ni 252 × 10, yaani 2,520. Vitabu huandika hesabu hiyo kwa mkato:

10! ÷ (5! × 3! × 2!) = 2,520

Alama ya mshangao hapo ina maana ya kuzidisha namba hiyo kwa zote zilizo chini yake hadi 1. Sasa zidisha 2,520 kwa 0.00003375, upate 0.085, yaani asilimia 8.5. Hii ndiyo kanuni ya multinomia: idadi ya mifuatano, mara uwezekano wa mfuatano mmoja.

Jibu hilo huwashangaza watu, kwa sababu pakiti ya 5, 3 na 2 inafuata uwiano wa kiwanda bila kasoro. Ni kweli kwamba hakuna mgawanyo mwingine wowote unaoishinda kwa uwezekano. Lakini migawanyo inayowezekana ni 66, na kila mmoja huchukua sehemu yake. Linganisha na pakiti isiyo na kijani hata moja, bila kujali nyekundu na njano ni ngapi: uwezekano wake ni 0.8¹⁰, karibu asilimia 10.7. Pakiti zinazokosa rangi nzima ni nyingi kuliko zile zenye uwiano kamili!

Kabla ya kukokotoa, hakikisha picha haikukata sentensi ya kwanza. Tuseme sentensi hiyo ilisema kuna mtungi wa pipi 20, yaani nyekundu 10, njano 6 na kijani 4, na pipi 10 zinachotwa bila kurudishwa. Uwiano ni uleule, lakini kanuni yetu haifai tena, kwa sababu kila nyekundu inayotoka inapunguza nyekundu zilizobaki. Hapo tunahesabu njia za kuchagua ndani ya kila rangi: 252 × 20 × 6, kisha tunagawanya kwa njia zote za kuchota pipi 10 kati ya 20, ambazo ni 184,756. Jibu ni asilimia 16.4, karibu mara mbili ya lile la kwanza. Mtungi mdogo hujirekebisha wenyewe: rangi iliyotoka kwa wingi huwa adimu. Kiwandani pipi ni nyingi kiasi kwamba kutoa 10 hakubadilishi kitu.

Hata huko kiwandani, jibu letu linasimama juu ya neno "zimechanganywa vizuri". Pipi za kijani zikiganda pamoja kwenye pipa, pakiti moja itajaa kijani na nyingine nyingi zitakosa kabisa. Hilo linaweza kupimwa. Fungua pakiti 100 na uhesabu zisizo na kijani: zikiwa 9 au 13, hakuna cha ajabu, kwani tulitarajia karibu 11. Zikifika 30, bahati pekee haiwezi kueleza tofauti hiyo. Ama kijani ni pungufu ya asilimia 20, ama pipi hazikuchanganywa. Kujua ni lipi kati ya hayo mawili, jumlisha kijani zote katika pipi 1,000 zile: zikikaribia 200, uwiano uko sawa na tatizo liko kwenye uchanganyaji.