Naomba Ratiba na Bei

“Habari za leo. Naomba ratiba ya safari ya familia, siku tano, na bei yake.”

Anayefanya kazi ya kupanga safari Arusha huupokea ujumbe wa namna hii mara kwa mara. Mwandishi wake hakutaja hifadhi, hakutaja mwezi, hakutaja fedha aliyoitenga, wala hakusema wenzake wanapenda kuona nini. Ametaja siku tano tu, na siku tano peke yake hazitoshi kupangia chochote.

Wapo wanaomjibu kwa kumtumia ratiba iliyoandikwa zamani kwa ajili ya mtu mwingine: Tarangire, Serengeti, Ngorongoro, na bei chini yake. Wengine humtumia fomu yenye maswali kumi na tano. Wa kwanza anauziwa safari isiyo yake. Wa pili anaifungua fomu akiwa kazini, anajiahidi kuijaza jioni, kisha hasikiki tena. Mimi naamini mpangaji anapaswa kuuliza maswali mawili tu, yale yanayobadilisha kila kitu, na mengine ayakisie waziwazi ili mteja amsahihishe.

Kwa hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, swali la kwanza si “mnataka kwenda wapi?” bali “mnakuja mwezi gani?” Mwezi ukishajulikana, sehemu kubwa ya ramani imejichagua yenyewe. Februari nyumbu wako kusini, kwenye nyanda za Ndutu, wanazaa, kwa sababu mvua zimeotesha majani mafupi wanayoyapenda. Kuanzia Julai hadi Oktoba wengi wao wako kaskazini, upande wa Kogatende na Mto Mara, na makundi mengine yako ng’ambo ya mpaka, Kenya. Kutoka Ndutu hadi Kogatende ni mwendo wa siku nzima kwa gari. Aprili na Mei ni masika: udongo mweusi hunasa magari, kambi kadhaa hufungwa, na malazi hushuka bei. Tarangire nayo hupendeza zaidi kiangazi, wakati vidimbwi vya mbali vimekauka na tembo wanakusanyika kwa makundi kando ya mto. Kwa hiyo mtu akiomba “Serengeti” bila kutaja mwezi, jina ni moja lakini safari zinaweza kuwa tatu tofauti kabisa.

Swali la pili ni “nani wanakuja?” Hapa ndipo bei inapopatikana, na wengi hawalijui hilo. Gharama za safari hazihesabiwi zote kwa njia moja. Gari, dereva na mafuta hulipwa kwa gari, na tozo ya kushuka kreta ya Ngorongoro nayo ni kwa gari. Kiingilio cha hifadhi ni kwa kichwa, na malazi hutegemea vyumba na umri wa watoto. Tuseme gari pamoja na dereva na mafuta ni dola 250 kwa siku. Kwa siku tano ni dola 1,250. Wakiwa wawili, kila mmoja atabeba dola 625. Wakiwa sita, kila mmoja atabeba kama dola 208. Gari ni lilelile na barabara ni ileile. Tena kuna suala la uraia: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana, na mgeni kutoka nje hulipa kwa dola. Bei iliyotolewa kabla ya kujua mambo haya ni ya kubahatisha.

Tuchukue familia ya mfano, ya aina inayotuandikia sana kutoka Ghuba. Mama ni Mtanzania anayeishi Maskati, mume ni Muomani, watoto ni watatu, na bibi atapanda kutoka Tanga kuungana nao. Ujumbe wao ulikuwa ule wa mstari mmoja. Wakaulizwa mawili yale, nao wakajibu: mwisho wa Julai, shule zikiwa zimefungwa, watu sita, mtoto mdogo ana miaka minne, bibi ana zaidi ya sabini, pasi mbili za Tanzania, nne za Omani.

Majibu hayo mafupi yana mengi ndani yake. Watu sita wanaenea kwenye gari moja la safari, kwa hiyo gharama ya gari inagawanyika vizuri. Wawili watalipa kiingilio kwa shilingi na watatu kwa dola, maana mtoto wa miaka minne halipi, na watoto wengine wana viwango vyao vya chini. Kuhusu matakwa, ukimuuliza mtu anapenda nini atakujibu “kila kitu.” Afadhali uulize kitu gani wakikikosa watarudi nyumbani na masikitiko, na nani kati yao hawezi kukaa garini saa nyingi. Baba alisema nyumbu wakivuka Mto Mara. Kwa bibi, jibu lilikuwa mgongo.

Mawili hayo yanagongana. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, saa saba au nane, sehemu kubwa barabara ya vumbi na mitikisiko. Kogatende bado iko mbele, saa kadhaa zaidi. Kwenda na kurudi kwa gari kungekula siku nne kati ya tano. Ndege ndogo zinatua Kogatende, lakini nauli ni kwa kichwa, hivyo faida yote ya kuwa sita ndani ya gari moja inapotea. Wala hakuna anayeweza kuahidi kuvuka kwenyewe. Nyumbu wanaweza kusimama ukingoni saa tatu, wakageuka na kuondoka.

Ndipo mpangaji akaandika hivi: “Mama, shikamoo kwa bibi. Nimechukulia kwamba mtalala loji za kawaida, si mahema ya kifahari wala kambi ya kujipikia. Ratiba A: mnalala Karatu usiku wote, mnatoka kwenda Tarangire, Manyara na kreta, hakuna siku ya saa nyingi barabarani. Ratiba B: mnaruka hadi Kogatende, usiku tatu kando ya mto, nafasi ya kuona nyumbu wakivuka ni nzuri lakini haina hakika. B inakaribia mara mbili ya A. Ipi iko karibu na mfuko wenu?”

Ona namna bajeti ilivyoulizwa. Watu wengi hawapendi kutaja kiasi walichonacho, kwa kuhofia kwamba wakitaja dola 4,000 bei itakuja 3,990. Hofu hiyo ina msingi. Wakiwekewa ngazi mbili zenye tofauti iliyoelezwa, hunyoosha kidole bila kujifunua.

Familia ikajibu kwa ratiba ya tatu: bibi na watoto wabaki Karatu pamoja na mama, gari likiwa nao, baba aruke Kogatende peke yake usiku mbili. Hesabu ikaangukia kati ya A na B. Mpangaji hangeliweza kulibuni hilo, maana halikuwa lake kuamua.

Kama wewe ndiye mteja, ratiba ya kubahatisha hujitambulisha. Itakuahidi nyumbu wa Mto Mara mwezi Februari. Itakuweka Tarangire asubuhi na Seronera jioni ya siku hiyohiyo, kama vile Ngorongoro haipo katikati. Itatoa jumla bila kusema ni ya watu wangapi wala ya pasi zipi. Ukiona hivyo, mwandikie mpangaji mwezi, umri na uraia wa kila mmoja, umwombe aanze upya. Mengine, kama chakula cha halali, kiti cha mtoto garini, sweta za baridi ya ukingo wa kreta na begi laini lisilozidi kilo 15 kwa anayepanda ndege ndogo, yanaweza kusubiri hadi baada ya malipo ya awali.