Antena Ielekee Wapi? Kwa Nini Picha ya Droni Hukwama Hewani

Picha ya droni hukwama pale mawimbi yanayofika kwenye rimoti yanapokuwa hafifu kiasi cha kumezwa na mawimbi mengine. Kipande cha data kikiharibika njiani hutumwa tena. Kwa hiyo video huanza kuchelewa, kisha hufifia, mwisho huganda, huku droni yenyewe ikiendelea kuruka.

Chanzo kinachodharauliwa kuliko vyote ni mkao wa antena. Wengi bado huamini kwamba ncha yake inapaswa kuelekezwa kwa droni. Ni kinyume kabisa. Ndani ya antena ya fimbo, mkondo wa umeme hupanda na kushuka, na mwendo huo ndio unaozaa mawimbi. Mtu aliye ubavuni mwa fimbo angeuona mwendo wote. Aliye mkabala na ncha angeona nukta isiyosogea. Ndiyo sababu mawimbi hutoka kwa wingi ubavuni, yakiizunguka fimbo kama tairi lililovishwa kwenye nguzo, na nchani karibu hayatoki kabisa. Hivyo ubavu ndio utazame droni, na kwa antena bapa, uso wake mpana. Droni ikiwa juu ya kichwa cha rubani, antena zilizosimama wima huielekezea ncha, hivyo zilazwe.

Hata mkao ukiwa sahihi, kuiona droni kwa macho hakutoshi. Chukua rubani aliyesimama chini huko Free Area, Nakuru, droni ikiwa mita 800 kutoka kwake na mita 30 juu. Katikati ya safari, mstari wa mawimbi uko kama mita 15 kutoka ardhini. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, mawimbi huhitaji nafasi ya karibu mita 5 kuuzunguka mstari huo. Ghorofa ya mita 12 iliyo hapo haimzibii rubani macho, lakini inakula sehemu ya nafasi hiyo na picha inaweza kuanza kukatika. Droni ikipanda hadi mita 50, mstari hufika mita 25 na kizuizi huisha. Sheria ya Kenya huruhusu kupanda hadi futi 400, yaani takriban mita 120.

Picha ikikatika droni ingali karibu na hakuna kizuizi, mshukiwa ni rauta za waifai za majirani, ambazo nyingi hutumia gigahezi 2.4. Rubani asogee mbali na nyumba, au ahamie 5.8, akijua kwamba kwa nguvu ileile mawimbi hayo hufika chini ya nusu ya umbali.

Vibandiko vinavyouzwa eti huongeza netiweki ni utapeli: kibandiko hakina umeme wa kuongezea chochote. Mvua nayo husingiziwa bure. Katika masafa haya huyapunguza mawimbi kidogo mno, ingawa maji yanaweza kuiua droni yenyewe.

Kwa kuwa mawasiliano yanaweza kukatika kabisa, kabla ya kurusha, kimo cha droni kujirudisha nyumbani kipangwe juu ya jengo refu kuliko yote njiani.