Betri Mpya, Stata Nzito

Asubuhi ufunguo unazungushwa na stata inageuka kwa uzito. Gari likishawaka, dashibodi inaonyesha taa ya ABS, ya usukani na ya injini kwa pamoja. Dereva akikata kona kuingia barabara kuu taa zinazimika, na akipita kwenye tuta zinarudi. Gereji ya kwanza inamwambia betri imekufa, naye ananunua mpya. Ya pili inamfungulia stata na kumbadilishia brashi. Gari linapata nafuu kwa muda, kisha tatizo linarudi vilevile, na mwenye gari anaanza kuamini kwamba kompyuta ya gari ndiyo imeharibika.

Kabla hajafika huko, kuna waya mmoja mfupi wa kutazama. Ni ule mweusi unaotoka kwenye negativu ya betri na kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Mafundi umeme wanauita waya wa ethi.

Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Badala ya kuvuta nyaya mbili hadi kwenye kila taa na kila mota, watengenezaji wa magari hutumia chuma cha bodi kuwa njia ya kurudia. Katika magari mengi, ethi ya betri inafungwa kwanza kwenye bodi, kisha mkanda mwingine wa shaba unaunganisha bodi na injini. Stata na alteneta zimefungwa kwenye injini, kwa hiyo umeme wote mkubwa unapita kwenye viungo hivyo viwili. Kuna magari ambayo waya mnene wa betri unakwenda moja kwa moja kwenye injini au giaboksi, na mwembamba ndio unaokwenda kwenye bodi. Ni vizuri kuufuata waya kwa macho mpaka mwisho wake kabla ya kugusa chochote.

Kosa hili hujificha kwa sababu ya tofauti ya mizigo. Stata ya gari dogo la petroli huvuta umeme wa kati ya ampea 100 na 200 inapozungusha injini, na ya dizeli huvuta zaidi. Redio na taa ya ndani havifiki hata ampea 5. Kiungo kikiingia kutu, ukinzani wake unaweza kupanda hadi sehemu 2 tu katika 100 za omu moja. Kwa redio hiyo si kitu, kwa kuwa inapoteza sehemu 1 ya 10 ya volti na itaimba kama kawaida. Kwa stata inayotaka ampea 150, kiungo hichohicho kingetaka kumeza volti 3 kati ya 12 zilizopo. Ndiyo maana fundi anayewasha taa ya majaribio na kuona inang'aa anaondoka akiamini kwamba ethi ni nzima.

Hata mita ya umeme ikiwekwa kwenye kipimo cha omu itadanganya hapa. Nyaya za mita yenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko kosa linalotafutwa. Isitoshe, waya uliokatika nyuzi zote ukabaki na uzi mmoja utaonekana mzima kwenye mita, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno. Ethi inapimwa kwa volti, tena wakati mzigo mkubwa unapita.

Taa za dashibodi zina maelezo yake. Kompyuta za breki, usukani na injini hutegemea chuma cha bodi kiwe sawasawa na negativu ya betri. Wakati wa kupiga stata, kiungo kibovu kinaifanya bodi ipande volti 2 au zaidi juu ya negativu, na kompyuta hizo zinabaki na volti chache mno za kufanyia kazi. Baadhi zinajizima na kuwaka upya, nyingine zinaandika kosa. Injini ikishawaka, tatizo linageuka. Alteneta inaweza kulisha bodi kupitia injini, lakini bolti ya ethi ikilegea kwenye tuta, betri inakuwa imetengwa na gari. Betri ndiyo inayotuliza volti pale usukani wa umeme au feni ya rejeta inapodai umeme mwingi ghafla. Ikikosekana, volti inashuka na kupanda kwa nguvu, na taa zinawaka bila mpangilio unaoeleweka. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari mara nyingi itaonyesha P0562, yaani volti ya mfumo iko chini, au U0100, yaani mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea. Kosa la pili limewafanya watu wengi wanunue kompyuta wasiyoihitaji. Ukiona makosa kutoka mifumo mitatu isiyohusiana yameandikwa kwa pamoja, anza na umeme unaoilisha yote.

Umeme ukikosa njia yake hutafuta nyingine. Kebo ya chuma ya mafuta na ile ya gia zinaunganisha injini na bodi, na mkanda wa injini ukikatika kabisa, umeme wa stata unaweza kupita humo. Kebo inapata moto, ala yake ya plastiki inayeyuka, na pedeli inaanza kukwama. Hilo ni jambo la hatari, na anayenusa plastiki inayoungua baada ya kupiga stata asiendelee kujaribu.

Kutu hiyo inatoka wapi? Upepo wa bahari wa Tanga, Mombasa, Bagamoyo na Unguja umebeba chumvi, na shaba ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, chuma kinaliwa haraka. Magari mengine yaliyotumika Japani yanakuja na kutu tayari, hasa yale ya mikoa ya kaskazini ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Mvuke wa asidi ya betri nao unaacha unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, na unapenya chini ya plastiki ya waya mahali pasipoonekana. Chanzo kingine hakitajwi sana, nacho ni rangi. Gari likigongwa upande wa mbele, linanyooshwa na kupigwa rangi, kisha ethi inafungwa juu ya rangi mpya. Bolti inang'aa na imekazwa vizuri, lakini umeme unapita kwenye nyuzi za bolti peke yake.

Tuseme gari ni salon ya petroli ya cc 1500, ethi yake inakwenda kwenye bodi kwanza, na betri ina wiki tatu. Fundi anaweka breki ya mkono, anatoa gia, na anachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Mita inawekwa kwenye volti 20 za DC. Betri ikiwa imetulia inasoma 12.6, kwa hiyo imejaa. Msaidizi anapiga stata kwa sekunde chache, na volti kwenye nguzo za betri inashuka hadi 10.9. Kipimo hicho ni kizuri, kwani betri inatiliwa shaka inaposhuka chini ya 9.6. Hata hivyo stata inazunguka kwa shida.

Sasa anaweka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo ya negativu yenyewe, ile ya risasi, na nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Stata inapigwa tena, na mita inasoma 2.3. Kipimo hiki kinapaswa kuwa kama 0.2 au 0.3. Volti 2 zinapotea njiani, na kazi iliyobaki ni kujua wapi. Ncha nyeusi haiondoki. Nyekundu inahamishwa kituo kwa kituo, na kila mara stata inapigwa. Kwenye kichwa cha betri inasoma 0.05. Kwenye jicho la waya, kule mwisho linapofungwa kwenye bodi, inasoma 0.15. Kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa, sentimita chache kutoka kwenye bolti, inaruka hadi 2.15. Volti 2 zote zimeliwa kati ya jicho la waya na bodi. Fundi akigusa hapo kwa uangalifu atakuta pana joto, maana zaidi ya wati 200 zinageuka moto kwenye eneo dogo kuliko sarafu.

Marekebisho hayahitaji vipuri. Waya wa negativu unatolewa kwenye betri kwanza, kisha bolti ya bodi inafunguliwa, mara nyingi kwa spana namba 10. Jicho la waya na mahali linapokaa vinapigwa msasa hadi chuma king'ae pande zote mbili, na rangi inaondolewa kabisa chini ya jicho. Washa yenye meno inasaidia. Bolti inakazwa vizuri bila kutumia nguvu ya kupita kiasi, kwa kuwa bolti ndogo hukatikia ndani ya bodi na kuanzisha kazi nyingine. Grisi inapakwa juu baada ya kukaza, ili kuzuia maji na chumvi.

Waya wenyewe ukiwa umeliwa ndani, ubadilishwe na unaolingana nao kwa unene. Kwa gari dogo la petroli, shaba ya milimita za mraba 25 inatosha. Waya wa nyumbani wa 2.5 ambao baadhi ya watu huufunga barabarani ni mwembamba mara kumi. Nusu mita yake inapoteza nusu volti kwa ampea 150 na inapata moto haraka kiasi cha kuyeyusha plastiki yake.

Kipimo kinarudiwa baada ya kazi. Kwenye salon yetu, zile volti 2 zilizokuwa zikipotea kati ya jicho la waya na bodi sasa hazipo, na stata inazunguka kwa wepesi. Volti kwenye nguzo za betri, ambayo mwanzo ilikuwa 10.9, sasa inashuka hadi 10.4. Mteja anayesimama pembeni anaweza kudhani hali imekuwa mbaya zaidi, lakini stata sasa inapata umeme inaoutaka, na betri inafanya kazi yake halisi. Taa za dashibodi nyingi huzimika zenyewe baada ya safari fupi. Ya mifuko ya hewa mara nyingi hubaki mpaka kosa lifutwe kwa mashine.

Asiye na mita anaweza kutumia kebo ya kuwashia gari. Upande mmoja unabanwa kwenye negativu ya betri, na mwingine, ambao unabanwa mwisho, kwenye chuma kisafi cha injini mbali na betri. Stata ikibadilika ghafla na kuwa nyepesi, tatizo liko kwenye ethi. Isipobadilika, uchunguzi unahamia upande wa pozitivu kwa njia ileile ya mita: ncha moja kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye bolti nene ya stata, na kisomwe ni volti ngapi zinapotea. Zikizidi nusu volti, viungo vya upande huo visafishwe. Pande zote mbili zikiwa safi na betri bado inashuka chini ya 9.6, hapo ndipo betri na stata zinapelekwa kupimwa kila moja peke yake.