Je, Wajua? Seli Tupu Katika Faili la Utafiti wa Kaya

Je, wajua kwamba seli mbili tupu zinaweza kuwa na maana tofauti kabisa?

Chukua faili la watoto la tafiti za afya za kaya zinazojulikana kama DHS. Tanzania ilifanya utafiti wa aina hii mwaka 2022, ukiendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Katika tafiti hizi wadadisi hupima urefu wa watoto walio chini ya miaka 5, na urefu ukilinganishwa na umri huonyesha kama mtoto amedumaa. Matokeo hukaa katika safu iitwayo `hw70`.

Safu hiyo ikiwa tupu, huenda mtoto alishafariki kabla ya mdadisi kufika. Huenda kaya yake haikupangiwa vipimo, maana tafiti nyingine hupima watoto wa sehemu tu ya kaya zilizochaguliwa. Au mtoto yu hai na alipaswa kupimwa, ila siku hiyo alikuwa kwa bibi yake, ama mama alikataa. Wawili wa kwanza waondolewe bila wasiwasi: wa kwanza hahusiki na swali, na wa pili aliachwa na kura ya sampuli, si na hali yake. Huyu wa tatu ndiye pengo la kweli. Ndiyo maana kabla ya kugusa `hw70` mchambuzi hutazama `b5`, inayosema kama mtoto yu hai, na `hw13`, inayosema zoezi la kupima liliishaje.

Je, wajua kwamba mtoto mmoja mwenye namba 9998 anaweza kuharibu wastani wa kundi zima?

Alama za `hw70` huandikwa bila nukta ya desimali, hivyo -140 maana yake ni -1.40. Vipimo visivyoaminika, kwa mfano alama iliyo chini ya -6 au juu ya +6, havifutwi. Hupewa msimbo kama 9998 ili mtumiaji ajue mtoto alipimwa lakini kipimo hakikubaliki.

Tuseme watoto tisa wana -140 kila mmoja, na wa kumi ana 9998. Ukijumlisha na kugawa kwa kumi utapata 873.8, yaani alama 8.74. Hakuna kundi la watoto duniani lenye wastani huo, kwa hiyo kosa hili hujitangaza lenyewe. Lililo hatari zaidi ni lile linalotoa jibu linaloaminika.

Je, wajua kwamba programu inaweza kumhesabu mtoto asiyepimwa kuwa mwenye afya?

Mtoto huhesabiwa amedumaa alama yake ikiwa chini ya -2, yaani `hw70` chini ya -200. Katika Stata, thamani iliyokosekana huchukuliwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Basi ukiuliza "je, ni chini ya -200?", seli tupu hujibu hapana, na 9998 hujibu hapana vilevile. Mtoto anaingia kwenye hesabu kama hajadumaa, na hakuna onyo linalotokea. Tiba yake ni sharti moja fupi:

```
gen mdumavu = hw70 < -200 if hw70 < 9990
```

Sasa mwenye msimbo na mwenye seli tupu wote wanabaki nje ya kigawanyo.

Tuone tofauti yake kwa mfano wa watoto 100 waliopaswa kupimwa. Waliopimwa ni 80, na kati yao 25 wamedumaa. Bila sharti lile, udumavu ni 25 kwa 100, yaani asilimia 25. Kwa sharti hilo ni 25 kwa 80, yaani asilimia 31.3. Asilimia 25 ingekuwa sahihi endapo tu hakuna hata mmoja kati ya wale 20 aliyedumaa. Programu imefanya dhana hiyo kwa niaba yako bila kukuuliza.

Kujaza mapengo kwa wastani kunarudisha kosa lile lile. Wastani ukiwa -1.40, wote 20 wanapewa alama iliyo juu ya -2, na udumavu unashuka tena hadi asilimia 25.

Je, wajua kwamba kuondoa nako ni kukisia?

Ukiwaacha nje wale 20, umedhani wanafanana na 80 waliopimwa. Dhana hiyo inapimika kwa kiasi, kwa sababu hata asiyepimwa ana taarifa nyingine: daraja la utajiri la kaya (`v190`), elimu ya mama (`v106`), mjini au kijijini (`v025`). Linganisha waliopimwa na wasiopimwa katika safu hizo.

Tuseme watoto wetu 100 ni nusu wa kaya maskini, nusu wa kaya zenye uwezo, na 20 waliokosa vipimo wote ni wa kaya maskini. Wa maskini waliopimwa ni 30, na 15 wamedumaa, yaani nusu. Wenye uwezo wote 50 walipimwa, na 10 wamedumaa. Ukiwapa maskini uzito wao halisi wa 50, waliodumaa kwao wanakadiriwa kuwa 25, na jumla inakuwa 35 kwa 100. Kuondoa peke yake kulitupa 31.3, kwa sababu waliotoka walikuwa wa upande mmoja.

Asilimia 35 nayo ina mpaka wake: inadhani maskini wasiopimwa wanafanana na maskini waliopimwa. Wale 20 wote wakiwa wamedumaa, jibu ni 45. Asipokuwepo hata mmoja, ni 25. Hakuna hesabu inayoweza kutoka nje ya hapo.

Je, wajua kwamba pengo lililojazwa vizuri kwa swali moja linaweza kuharibu swali jingine?

Mama asipokumbuka mwezi wa kuzaliwa wa mtoto, DHS huutafutia mipaka kwa kutumia mwaka, umri na tarehe za watoto wengine aliowazaa, kisha huchagua mwezi kwa nasibu ndani ya mipaka hiyo. Tarehe iliyojazwa huwekwa katika `b3`, na safu ya `b10` hueleza ni sehemu gani iliyotajwa na ni ipi iliyokisiwa.

Kwa kuhesabu vizazi vya miaka mitano, miezi michache huku au kule haileti shida kubwa. Kwa udumavu hali ni nyingine. Mvulana wa sentimita 74 akiwa na miezi 12 yuko salama, kwani kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 mpaka wa udumavu katika umri huo ni sentimita 71.0. Mpe miezi 18, na mpaka wa udumavu mkali ni 74.2, hivyo ameingia kundi la hali mbaya zaidi. Urefu haujabadilika hata kidogo. Kwa sababu hiyo watoto wasiojulikana mwezi au mwaka wa kuzaliwa huachwa nje ya hesabu ya udumavu, ilhali katika hesabu ya vizazi wanabaki.

Uamuzi huo unawezekana kwa kuwa `b10` ipo. Faili lako nalo lisijazwe bila safu ya pembeni inayosema kilichojazwa. Ripoti nayo iseme: udumavu asilimia 35 baada ya kurekebisha uzito, 31.3 kwa waliopimwa pekee, na watoto 20, wote wa kaya maskini, hawakupimwa.