Barua ya mwenye nyumba kwa mpangaji anayehamia Dodoma

Barua ya utambulisho anayoiandika mwenye nyumba kwa ajili ya mpangaji wake wa zamani hujibu swali moja: mtu huyu aliishi vipi alipokuwa kwako? Hapo ndipo inapotofautiana na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa huthibitisha kwamba mtu ni mkazi anayefahamika, lakini yeye hakuwahi kupokea kodi yake wala kuona hali ya vyumba siku alipokabidhi funguo. Mwenye nyumba wa Dodoma anayempokea mgeni kutoka Dar es Salaam huyataka hayo mawili zaidi ya kitu kingine chochote. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi wamejikuta wakitafuta nyumba katika mji ambako hakuna jirani wala ndugu wa kuwasemea, na dalali aliyewapeleka kwenye nyumba naye amewajua asubuhi ileile.

Upangaji wa mijini Tanzania una desturi inayoamua jinsi barua hii inavyopaswa kuandikwa. Kodi hutajwa kwa mwezi, lakini mara nyingi hulipwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima. Malipo ya kwanza hutolewa kabla ya kupewa funguo, kwa hiyo hayaonyeshi lolote kuhusu uaminifu wa mtu, kwani asingelipa asingeingia. Kipimo huanzia malipo ya pili. Hapo mpangaji yumo ndani tayari, vyombo vyake vimepangwa, na kumtoa ni kazi. Mwenye nyumba anayeandika tu kwamba mpangaji alikuwa akilipa vizuri hajasema kitu ambacho mwenzake anaweza kukitumia. Mwenzake anataka kujua mkataba uliongezwa mara ngapi, na kila ulipoongezwa fedha zilifika lini.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyepanga vyumba viwili na sebule Tabata kwa miaka mitatu, kwa kodi ya shilingi 250,000 kwa mwezi, akilipa miezi sita sita. Katika miaka hiyo yote alilipa mara sita tu, shilingi 1,500,000 kila mara, na katika hizo ni tano ndizo zenye ushahidi. Nne zilifika kwa wakati. Moja ilichelewa. Mwenye nyumba mwenye huruma atatamani kuificha hiyo moja, na hapo atakuwa amemnyima mpangaji wake sehemu yenye nguvu kuliko zote. Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi:

“Mtajwa hapo juu alikuwa mpangaji wangu, Tabata, tangu Machi 1, 2022 hadi Februari 28, 2025. Kodi ilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi na alilipa kila baada ya miezi sita. Malipo ya Septemba 2023 yalichelewa siku 12. Alinipigia simu wiki mbili kabla, akanieleza sababu na kunitajia tarehe, na tarehe hiyo akalipa yote. Malipo mengine yalifika kwa wakati. Ankara ya mwisho ya maji ameilipa, na hakuniachia deni lolote. Tulikagua nyumba pamoja siku ya kukabidhi funguo: kitasa kimoja kilikuwa kimeharibika naye alikibadilisha kwa gharama yake. Amehama kwa sababu ya uhamisho wa kikazi. Akitaka kurudi, nitampangisha.”

Kuchelewa huko kwa siku 12 ndiko kunakoifanya barua iaminike. Kila mwenye nyumba anajua kwamba ndani ya miaka mitatu mambo hukwama mahali fulani, na anachokiogopa ni mpangaji anayezima simu tarehe inapofika. Sentensi ile inamwonyesha mtu huyu anavyokuwa pale fedha zinapokosekana.

Maji nayo yametajwa kwa sababu. Umeme wa LUKU hununuliwa kabla ya kutumiwa, hivyo anayehama kwa kawaida haachi deni kubwa la umeme. Maji ya mamlaka huja kwa ankara baada ya kutumika, na mara nyingi akaunti ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akiondoka bila kulipa, deni hubaki na mita. Ndiyo maana barua inafaa kuandikwa baada ya usomaji wa mwisho wa mita na ukaguzi wa vyumba. Iliyoandikwa mwezi mmoja kabla ya kuhama inahusu mambo ambayo bado hayajatokea. Uhamisho ukiwa wa ghafla, na barua ikahitajika mapema, inatosha iseme wazi kwamba mpaka tarehe hiyo hakuna deni na kwamba makabidhiano bado.

Katika barua ile hakuna kabila la mpangaji, dini yake, afya yake, wala habari za wageni aliokuwa akiwapokea. Hayo hayahusiani na kodi wala na hali ya nyumba, na yakishaandikwa hayafutiki mikononi mwa mtu asiyejulikana. Namba ya kitambulisho cha taifa pia haina haja ya kuwemo. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, jina kamili linalolingana na kitambulisho atakachoonyesha mpangaji mwenyewe linatosha.

Udhaifu wa barua hizi ni kwamba yeyote anaweza kuandika moja. Rafiki anaweza kujifanya mwenye nyumba, na mwenye nyumba wa kweli aliyechoshwa na mpangaji msumbufu anaweza kumsifia ili aondoke haraka. Barua ya namna hiyo hujaa sifa: mwadilifu, mpole, mcha Mungu, anaishi vizuri na watu. Tarehe hazimo, kiasi cha kodi hakimo, na hakuna neno kuhusu siku ya kukabidhi.

Kwa hiyo barua huhitaji namba ya simu ya mwandishi, na anayeipokea huhitaji kupiga. Simu yenye faida huuliza jambo lisilokuwemo kwenye karatasi. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji wangapi? Umeme ulikuwa wa mita moja kwa wote, au kila mmoja na yake? Kitasa kilichobadilishwa kilikuwa cha mlango upi? Aliyepangisha kwa miaka mitatu hujibu bila kufikiri, ilhali wa kubuni husita au hurudia maneno ya barua. Mkataba wa zamani na stakabadhi za malipo, ambazo mpangaji makini huwa amezitunza, huonyesha kama jina la mwandishi ndilo la aliyekuwa akipokea kodi.

Mwandishi naye anapaswa kujilinda. Ni vyema barua iishie kwa sentensi inayosema kwamba haya ni maelezo ya upangaji uliopita na si dhamana ya malipo yajayo. Bila hiyo, mwenye nyumba wa Dodoma anaweza kumpigia wa Tabata miezi minane baadaye akidai kwamba yeye ndiye aliyemdhamini. Kisha hufuata saini, jina, tarehe na simu. Muhuri wa serikali ya mtaa unaweza kuongezwa pale mwenyekiti anapomfahamu mwenye nyumba, na kazi yake ni kuthibitisha kwamba mtu huyo yupo na nyumba ni yake, si kwamba yote aliyoyaandika ni kweli. Nakala moja hubaki kwa mwandishi, ili simu ikija baada ya mwezi mzima ajibu sawasawa na alivyoandika.