Alhamisi Saa Nne, Kengele Italia Mfululizo

Ujumbe wa kwanza uliingia kwenye kundi letu la wazazi la wasapu jioni moja, saa mbili kasoro: "Kesho shuleni kutakuwa na zoezi la kuokoa watoto na moto. Wazazi msiwe na hofu." Basi. Hakuna saa, hakuna maelezo ya watakachofanya watoto, hakuna jina la mtu wa kumuuliza. Kabla ya saa tatu baba mmoja alikuwa ameshaandika kwamba amesikia shule imepata vitisho, na mama mwingine akasema wake hatampeleka. Mwanangu wa darasa la pili, aliyekuwa akisoma begani kwangu, akauliza, "Mama, kwa hiyo kesho shule itaungua?"

Sikumlaumu. Ujumbe ule ulitutajia hofu bila kututajia jambo lenyewe, na mtu mzima akiambiwa asiogope, huanza kutafuta cha kuogopa. Mtoto wa miaka saba hana tofauti. Zoezi likaahirishwa, na wazazi wachache tukaombwa kukaa na mwalimu mkuu na askari mmoja wa zimamoto tuandike tangazo upya. Hili ndilo lililotoka:

"Mpendwa mzazi au mlezi. Alhamisi ijayo, saa 4:00 asubuhi, watoto watajifunza kutoka madarasani kama watakavyotoka siku ya moto. Hakuna moto utakaowashwa wala moshi, na watoto wameshaelezwa. Kengele italia mfululizo bila kukatika. Wataacha kila kitu mezani, watatoka kwa mstari wakitembea, watashuka ngazi wakiwa upande wa ukuta, kisha watakusanyika uwanja wa mpira, ambako kila mwalimu ataita majina ya darasa lake. Haitazidi nusu saa. Watoto wa bweni watafanya zoezi lao siku hiyohiyo saa 12:00 jioni, taa zikiwa zimewashwa. Tunaomba msije shuleni wala kupiga simu katika muda huo. Kama mtoto wako husumbuliwa na sauti kubwa, au familia yenu imewahi kuunguliwa na nyumba, tafadhali mwambie mwalimu wa darasa kabla ya Jumatano."

Ni karatasi moja tu, lakini tuliibishania mchana kutwa, na kila mstari una sababu yake.

Tuanze na kengele. Shule yetu, kama shule nyingi, hupiga ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini. Kuna aliyependekeza king'ora cha umeme. Askari wa zimamoto akauliza: moto ukianzia kwenye nyaya, umeme ukakatika, king'ora kitalia kwa nini? Ringi ikabaki, ila mapigo yakatenganishwa. Ya mapumziko ni matatu yenye nafasi kati yake, na ya moto hayana nafasi kabisa. Mtoto wa chekechea anaisikia tofauti hiyo mara moja, hata kabla hajajua kuhesabu vizuri. Kwa sababu hiyo tangazo linasema "mfululizo bila kukatika", ili mzazi atumie maneno yaleyale nyumbani na mtoto asisikie jambo moja kwa majina mawili.

Halafu neno "wakitembea". Wazazi wengi walilipinga: moto unawaka, mtoto atembee? Jibu liko kwenye ngazi. Februari 2020, katika Shule ya Msingi Kakamega nchini Kenya, watoto wasiopungua 13 walifariki kwa kukanyagana ngazini jioni wakitoka madarasani. Walikuwa wanakwenda nyumbani tu. Watoto wakikimbia ngazini, mmoja akijikwaa, wa nyuma hamwoni, na uzito wa walio juu unamshukia aliyeanguka. Mstari unaotembea hausimami, ndiyo maana darasa linalotembea huwahi kufika chini kuliko linalosukumana. Upande wa ukuta nao una maana mbili: mkono wa mtoto unapata pa kugusa akiwa haoni vizuri, na upande wa pili unabaki wazi kwa mtu mzima anayepanda kutafuta waliobaki.

Kuita majina ndiko kulikotufundisha zaidi. Wengine walitaka watoto wahesabiwe tu. Lakini ukihesabu ukapata 42 badala ya 43, unajua amekosekana mmoja na hujui ni nani, wala umtafute wapi. Siku ya zoezi la kwanza ndivyo ilivyotokea kwa darasa la mwanangu. Mwalimu aliita majina kutoka daftari la mahudhurio na jina moja halikuitikiwa. Wenzake wakasema, "Mwalimu, ameenda chooni." Mwalimu wa zamu akamkuta mtoto amekaa peke yake darasani, mikono juu ya dawati, anangoja. Alisikia kengele akiwa chooni, akafanya alichofundishwa siku zote kwamba kengele ikilia unarudi darasani. Hakuna aliyekuwa amemwambia vingine. Kuanzia hapo tangazo la kila muhula lina sentensi ya ziada: "Mtoto aliye chooni, maktaba au jikoni asirudi darasani, aende moja kwa moja uwanjani." Na yuko mwalimu ambaye kazi yake siku hiyo ni vyoo tu.

Bwenini mambo ni mazito zaidi, na hapo ndipo tangazo lilipotupa shida ya maneno. Wazazi wa rika langu wanaikumbuka Shauritanga kule Rombo, mwaka 1994, wasichana 42 walipokufa bwenini. Wakenya wanaikumbuka Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na nondo. Tulikubaliana majina hayo yasiingie kwenye barua ambayo mtoto anaweza kuisoma. Yaliingia kwenye kikao cha wazazi, watu wazima watupu, kwa sababu ni sisi tunaopaswa kuuliza ufunguo uko kwa nani. Mtoto hawezi kurekebisha mlango uliofungwa kwa nje, na si haki kumbebesha hadithi ya mlango huo.

Binti yangu wa darasa la sita hulala bweni. Jioni ile walitandaziwa vitenge vilivyoshikwa na walimu wawiliwawili, usawa wa kiuno cha mtoto, kuanzia kitanda cha mwisho hadi mlangoni. Vitenge ni moshi. Atakayeinua kichwa akagusa kitambaa anaanza upya. Moshi wa moto una joto, hivyo hupanda juu na kujaa kuanzia darini kushuka chini, na hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu kwa muda. Kwa hiyo wanatambaa. Walifundishwa pia kugusa mlango uliofungwa kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua: ukiwa wa moto, upande wa pili kuna moto, tafuta mlango mwingine.

Na mlango huo mwingine ndio ulioshindwa zoezi. Upo mwisho wa bweni, umepakwa rangi nzuri ya kijani, na siku hiyo ulikuwa na kufuli, tena mbele yake pamepangwa matranka kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Matroni alikwenda kutafuta ufunguo chumbani kwake, na wasichana wakangoja magotini. Hakuna aliyemkaripia. Juma lililofuata kufuli liliondolewa, likawekwa komeo linalofunguka kwa ndani, na matranka yakahamia chini ya vitanda. Mzazi akitaka kujua kama zoezi la shule yake lilikuwa la kweli, na aulize swali moja tu: lilibadilisha nini? Wakisema kila kitu kilikwenda sawa, na kila mwaka ni hivyohivyo, basi milango yote haikujaribiwa.

Sasa maneno ya nyumbani. Nilimwambia mwanangu Jumatano mchana, wala si wiki nzima kabla, maana angebeba wazo hilo siku saba, na wala si kitandani, maana angelala nalo. Nilikuwa nachambua mchele. Mikono ikiwa na kazi, sauti hutulia yenyewe. Nikasema: "Kesho saa nne mtasikia kengele isiyokatika. Mtaacha madaftari, mtatoka kwa mstari, mtakwenda uwanjani, mwalimu atawaita majina, halafu mtarudi." Nikanyamaza.

Akauliza lile swali lake tena: shule itaungua? Ni rahisi kujibu, "Haiwezi kuungua." Lakini mtoto huyo ataona moto siku moja kwenye taarifa ya habari, na atajua ulimdanganya. Nilimjibu, "Kesho hakuna moto. Ukitokea siku yoyote, walimu wanajua la kufanya, na wewe utakuwa unajua njia." Akauliza kama anaruhusiwa kurudi kuchukua begi. Nikamwambia hapana, begi litanunuliwa jingine. Akaridhika, akaomba maji. Watoto wengi huwa na swali moja au mawili, na ukijibu hayo tu wanaendelea na michezo yao. Sisi wazazi ndio huongeza la tatu na la nne ambalo hawakuliuliza, kisha tukawaonyesha na video ya nyumba inaungua kwenye simu "ili waelewe". Kwa mtoto mdogo video hiyo haielezi kutoka kwa mstari. Inamwachia picha ya kuota.

Lile ombi la mwisho kwenye tangazo, la familia zilizounguliwa, lilijibiwa na watu watatu. Mtoto mmoja alikuwa amepoteza nyumba yao mwaka uliotangulia. Mwalimu alimpeleka kwenye ringi Jumatano, akamshikisha nyundo, akamwacha aipige mwenyewe mpaka aizoee. Alhamisi alikuwa ameshikana mkono na mwalimu mstarini, na alifika uwanjani analia kidogo, lakini alifika. Mtoto wa namna hiyo akikataa kwenda shule siku kadhaa baadaye, au akaanza kukojoa kitandani wakati alikwishaacha, mwalimu anapaswa kujua mapema. Ila mtoto anayecheza "zoezi la moto" na midoli yake sebuleni hana tatizo. Anajifunza tu.

Jioni ya Alhamisi sikumuuliza mwanangu kama aliogopa. Nilimuuliza alitoka kwa mlango upi. Akanionyesha kwa vidole juu ya meza: hapa darasa, hapa ngazi, hapa mkono wake ukutani, hapa mwembe, na hapa aliposimama jina lake lilipoitwa. Akasema aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha akatazama mlango wetu wa mbele, geti la chuma na kufuli lake, na nondo za madirisha zinazotulinda na wezi. "Mama," akasema, "sisi ufunguo wetu unakaa wapi?" Ulikuwa kwenye pochi yangu, chumbani, juu ya kabati. Usiku uleule tuligongomea msumari nyuma ya mlango, mbali na dirisha ili mtu wa nje asiufikie, na chini kiasi ambacho mkono wake unafika. Alijaribu mara mbili, taa ikiwa imezimwa.