Chupa Iliyofunguliwa Ina Toti Ngapi?

Bia haimsumbui mwenye baa ndogo wakati wa kuhesabu. Chupa imeuzwa, au bado ipo. Taabu iko kwenye rafu ya pombe kali zinazouzwa kwa toti, maana hapo chupa hulala nusu, na kosa la jicho asubuhi hugeuka tuhuma kwa mhudumu.

Tuchukue Konyagi ya mililita 750 inayouzwa kwa toti za mililita 30. Chupa moja hutoa toti 25. Jumatatu kabla ya kufungua kuna chupa 3 nzima, na nyingine ambayo kwa jicho imebaki sehemu 4 kati ya 10. Mchana zinaletwa 2. Jumanne asubuhi zimebaki 2 nzima na moja yenye sehemu 7. Chukua 3.4, jumlisha 2, toa 2.7: zimetumika chupa 2.7, yaani toti 67 na nusu. Daftari la mauzo lina toti 61. Pengo ni toti 6 na nusu.

Wapo wanaokata mshahara papo hapo, na naona wanamwonea mtu. Sehemu moja kati ya kumi ni toti 2 na nusu. Jicho likikosea kiasi hicho Jumatatu na tena Jumanne, toti 5 zimepotea kwenye hesabu tu. Isitoshe, shingo ya chupa ni nyembamba, hivyo kinywaji kikifika katikati ya urefu wote, ndani kumebaki zaidi ya nusu.

Tafuta chupa tupu ya aina hiyohiyo, bandika ukanda wa karatasi ubavuni, kisha mimina maji mililita 75 kwa 75 ukichora mstari kila mara. Chupa ya kuuzia ipimwe kando yake. Mwenye mzani wa jikoni atapata hesabu nzuri zaidi: apime chupa, atoe uzito wa chupa tupu, agawe kwa gramu 29, ambazo ni uzito wa toti moja hivi.

Kisha usihukumu kwa siku moja. Katika hesabu ya wiki, makadirio ya siku za katikati hufutana, yakabaki ya mwanzo na ya mwisho tu. Kosa la jicho haliongezeki, lakini upotevu wa kweli hujilimbikiza. Pengo la toti 40 kwa wiki halitokani na jicho. Likiwa kwenye pombe zote, chunguza kama wahudumu wanamimina bila kipimo. Likiwa kwenye aina moja, fuatilia zamu.

Mauzo yakizidi matumizi, usifurahi. Ama wateja wanapunjwa toti, ama kuna chupa iliyoletwa kutoka nje, ama imeongezwa maji.